Butembo: Pikipiki ilileta pesa kila wiki, lakini deni likamshinda. Hesabu ya miezi ambayo wengi hawafanyi

Mama huyu anauza samaki ya chumvi kutoka Kyavinyonge, kwenye meza yake ndani ya soko moja la mji wa Butembo, jimboni Kivu ya Kaskazini. Ameomba jina lake lisitajwe, kwani deni bado ni jambo la haya katika familia. Lakini kaye yake amekubali kuifungua mbele yetu, na ndani ya kaye hiyo kuna habari ambayo inawafaa wengi.

Mwaka uliopita alinunua pikipiki mpya ili impe verseman, yaani ile pesa ambayo motari anamletea mwenye pikipiki kila jioni. Pamoja na plaki na karatasi zote, pikipiki ilimgharimu dola 1,500. Alitoa dola 300 za kwake, na dola 1,200 akakopa katika shirika moja la akiba na mikopo la pale mjini. Motari wake alikuwa kijana mwaminifu. Ukipitia kaye, kwa miezi yote hiyo hakuna wiki moja ambayo verseman ilikosa kuingia. Pikipiki haikuibwa, haikupata ajali, moteri haikufa.

Hata hivyo mwezi wa 5 mama alishindwa kulipa, na mwezi wa 6 pikipiki ikauzwa.

Wengi waliposikia, walisema biashara ya pikipiki imeharibika siku hizi. Wengine walisema riba za mashirika ni za kuua mtu. Tulipokaa na kaye pamoja na kalkuleta, tuliona kwamba kosa liko mahali pengine. Pikipiki ilikuwa nzuri, na riba ilikuwa ya kawaida kwa mashirika madogo ya mkopo. Kosa lilikuwa muda. Kitu chenye kufanya kazi miaka 2 kilinunuliwa kwa deni la miezi 6.

Tufungue kaye

Motari alikuwa analeta sawa na dola 5 kwa siku. Ukitoa siku za mungu, siku za mvua kubwa, siku za garaje na zile siku za mji mfu ambazo wakaaji wa Butembo wanazijua vizuri, zinabaki karibu siku 24 za kazi kwa mwezi. Hiyo ni dola 120. Lakini mwenye pikipiki ndiye anabadilisha mafuta ya moteri, matairi, mnyororo na bujia, ndiye analipa mekanisia na taksi za barabarani. Kwenye kaye yake matumizi hayo yanafika dola 30 kwa mwezi, mwezi huu pungufu, mwezi ujao zaidi. Kwa hiyo pesa safi ambayo pikipiki ilikuwa inaacha mkononi ni dola 90 kwa mwezi.

Sasa tuangalie upande wa deni. Dola 1,200, riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, kulipa ndani ya miezi 6. Kila mwezi alipaswa kupeleka karibu dola 222.

Pikipiki inaleta 90, deni linadai 222. Kila mwezi zinakosekana dola 132, na hazikosekani kwa bahati mbaya: zilikosekana tangu siku ile alipotia saini. Hakuna motari duniani ambaye angeziba shimo hilo kwa kukimbia zaidi.

Shimo liliziba kwa samaki. Mtaji wa meza yake ulikuwa dola 600, ambao aliuzungusha kila wiki mbili hivi, na faida yake ndiyo ilikuwa inalisha nyumba na kusomesha watoto. Malipo ya kwanza yakala dola 132 za mtaji, zikabaki 468. Ya pili, zikabaki 336. Ya tatu, 204. Ya nne, 72. Na hapo tunahesabu kana kwamba nyumba yenyewe haikugusa mtaji, wakati mtaji ukipungua faida nayo inapungua, na watoto hawapunguzi kula. Mwenyewe anasema kuanzia mwezi wa 3 alikuwa anapanga samaki mbali mbali juu ya meza ili wateja wasione kwamba hana kitu.

Mwezi wa 5 hakukuwa na kitu cha kuongeza. Deni lililobaki lilikuwa dola 424. Faini zikaanza, afisa wa kredi akaanza kufika nyumbani saa za asubuhi, na pikipiki ikauzwa kwa haraka kwa dola 950. Mwenye haraka hauzi kwa bei yake. Baada ya kulipa deni na faini, alibaki na dola kama 500, pamoja na zile 72 za samaki. Aliingia katika jambo hili akiwa na dola 900 za kwake (600 za mtaji na 300 alizoweka juu ya pikipiki). Alitoka na dola 572, bila pikipiki, huku mnunuzi akiendelea kupokea verseman ya kila siku.

Kwa nini miezi 6?

Swali hili ndilo lilinisumbua zaidi. Mama huyu anajua kuhesabu, na amefanya biashara miaka mingi. Jibu lake ni la wazi: aliomba kredi ya duka. Kredi ya duka inatoka haraka, ndani ya siku chache, bila fakture proforma ya kitu kinachonunuliwa. Aliwahi kuchukua kredi hiyo mara mbili kwa ajili ya samaki na kulipa vizuri, kwa hiyo safari hii aliongeza kiasi, akaandika tena «samaki» kwenye formulere, na kwenda kununua pikipiki.

Kwa samaki, miezi 6 ni sawa kabisa, hata ni mingi. Samaki inanunuliwa Kyavinyonge, inauzwa Butembo, ndani ya wiki mbili pesa imerudi pamoja na faida. Dola 200 zilizoingia katika samaki zinarudi dola 200 na zaidi, zote kwa mara moja. Pikipiki haifanyi hivyo. Dola 1,500 zilizoingia ndani ya pikipiki zinarudi kidogo kidogo, dola 90 kwa dola 90, na zinahitaji karibu miezi 17 ili zirudi zote. Ukitaka pikipiki irudishe kwa miezi 6 kile inachorudisha kwa miezi 17, ni kama kukamua ng'ombe mara kumi kwa siku.

Lakini tusimtupie mama lawama zote. Afisa mmoja wa kredi, ambaye naye hakutaka kutajwa kwa sababu ya kazi yake, alinieleza jambo ambalo wateja hawalioni kutoka upande wao wa dirisha. Pesa ambazo shirika linakopesha ni akiba za wanachama wengine, na akiba hizo nyingi mwenyewe anaweza kuja kuzitoa siku yoyote. Septemba watu wanatoa kwa ajili ya shule. Desemba wanatoa kwa ajili ya sikukuu. Na habari ya vita ikivuma, wanakuja wote kwa siku moja. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia mjini, hakuna meneja katika eneo letu ambaye analala usingizi mzito akijua kwamba akiba za watu ziko nje kwa miaka 3.

Kwa maneno mengine, shirika lenyewe lina tatizo lile lile la mama wa samaki, ila limegeuzwa: likikopesha kwa muda mrefu pesa ambazo zinaweza kudaiwa kesho, linaweza kuanguka hata kama wakopaji wote ni waaminifu. Ndiyo maana linapenda miezi 6, na likisikia miezi 24 linauliza maswali mengi.

Vikundi vya AVEC navyo vina mpaka wao. Mtindo huu wa akiba, ambao ulianzia Niger mwaka 1991, unaenda kwa mzunguko wa miezi 9 hadi 12, kiisha wanachama wanagawana kila kitu na kuanza upya. Kwa hiyo mikopo yake huwa ya mwezi 1 hadi 3, kwani siku ya mgawo sanduku linapaswa kuwa limejaa. Kwa samaki, mchele au maharagwe ya kuuza, hakuna mkopo mzuri kama huo. Kwa pikipiki au mashine ya kusaga, ni mtego. Mwanamemba analipa mwezi wa 3 kwa kukopa tena mwezi wa 4, kila mara akitumaini kikundi kitakubali, na siku ya mgawo anajikuta anadaiwa yote kwa mara moja.

Basi miezi mingapi?

Tulirudia hesabu ya pikipiki ile ile, deni lile lile la dola 1,200 na riba ile ile, tukibadilisha muda tu. Kwa miezi 12, malipo yanakuwa karibu dola 121 kwa mwezi. Bado ni juu ya 90. Kwa miezi 18, yanashuka hadi dola 87. Hapo pikipiki inajilipa yenyewe, lakini kwa dola 3 tu za nafasi, ambazo tairi moja linazimaliza. Kwa miezi 24, malipo ni dola 71.

Msomaji atasema: basi tuchukue miezi 36, tulipe dola 55, tupumue. Hapa ndipo kuna kosa la pili, ambalo ni la polepole na kwa hiyo halionekani.

Kwanza, muda unauzwa. Kwa miezi 6 mama angerudisha jumla ya dola 1,329. Kwa miezi 24 angerudisha 1,701. Kwa miezi 36 ni 1,979. Tofauti hiyo inaweza kuvumilika kama kitu bado kinazalisha. Lakini pikipiki ya taksi kwenye vilima na udongo wa Butembo haizeeki kama ile ya mwalimu anayeenda shule na kurudi. Inabeba watu wawili, watatu, magunia, makaa, kutoka alfajiri mpaka usiku. Wamotari na mekanisia niliozungumza nao wanakubaliana kwamba miaka 2 ya kwanza ndiyo ya kula. Baada ya hapo pikipiki inatembea, lakini inakula pamoja nawe.

Tuseme mwaka wa 3 siku za kazi zinashuka hadi 20 kwa mwezi kwa sababu ya garaje, na matumizi yanapanda hadi dola 60. Verseman ni dola 100, inabaki dola 40. Deni linadai 55. Yaani mwenye pikipiki ya miezi 36 anapita miaka 2 akiwa na raha, kisha mwaka mzima anaongeza pesa kutoka mfukoni kulipia kitu ambacho hakimlipi tena. Na wakati huo huo anahitaji pikipiki nyingine ili aendelee na kazi. Akiikopea, atakuwa na madeni mawili na pikipiki moja.

Hesabu iliyomfurahisha mama ilikuwa nyingine. Tuliuliza: je, angengoja kwanza hadi awe na dola 500 za kwake badala ya 300? Deni lingekuwa dola 1,000. Kwa miezi 18, malipo ni karibu dola 73 kwa mwezi. Pikipiki inaacha 90, zinabaki dola 17 kila mwezi za kuweka kando kwa matengenezo makubwa. Na deni linaisha mwezi wa 18, wakati pikipiki bado ina miezi kama 6 ya nguvu. Hiyo miezi 6 bila deni, kwa dola 90, ni dola 540. Ni zaidi kidogo ya zile dola 500 za kuanzia pikipiki ya pili, na bado hujauza ile ya zamani.

Kwa hiyo deni halipaswi tu kuisha kabla kitu hakijafa. Linapaswa kuisha mapema kiasi kwamba kitu chenyewe kinapata muda wa kumlipia mrithi wake. Na mara nyingi kinachosogeza hesabu si kuongeza miezi, ni kupunguza deni kwa kuweka pesa zaidi ya kwako mwanzoni.

Muda mrefu kwa kitu kifupi

Kosa la kinyume linaonekana sana mwezi wa 12. Mchuuzi wa mitumba anachukua kredi ya miezi 12 ili anunue mabalo ya sikukuu. Malipo ya kila mwezi ni madogo, anafurahi. Mwishoni mwa Januari mabalo yote yameuzwa na pesa imerudi, lakini deni bado lina miezi 10 mbele. Shirika linadai kiasi kidogo tu kwa mwezi, kwa hiyo pesa nyingi imekaa mkononi bila kazi maalumu. Pesa ya namna hiyo ina marafiki wengi. Kuna msiba, kuna mabati ya nyumba, kuna shemeji mwenye shida. Mwezi wa 6 mchuuzi analipa nguo ambazo wanunuzi wameshaanza kuzipasua, na hana mtaji wa kununua nyingine.

Wapo wanaoweza kuzungusha pesa hiyo mara nne au tano ndani ya mwaka bila kuigusa, na kwao miezi 12 haina ubaya. Nimewaona wachache. Kwa wengine, miezi 3 au 4 inatosha, hata kama malipo yanaonekana makubwa, kwani yanachukua pesa wakati bado iko mezani.

Karo ya shule inafuata njia hiyo hiyo. Mwaka wa masomo unaanza Septemba. Deni la karo likiwa la miezi 12 au zaidi, Septemba ijayo linakuta lingine. Miezi 9 ndiyo mwisho. Na kuna vitu ambavyo hakuna mkopo wa hapa kwetu unaovifaa. Mkulima wa Lubero anayepanda kahawa anangoja kama miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza, na huko Beni kakao ni karibu vile vile. Hakuna shirika la mjini litakalongoja miaka 3 bila kupokea kitu. Miche inanunuliwa kwa pesa ya maharagwe na viazi, si kwa deni.

Dalili zinazoanza mapema

Afisa wa kredi anasema yeye anajua kabla ya mteja. Anaangalia malipo yanatoka wapi. Mtu aliyekopea pikipiki, pikipiki inafanya kazi, lakini meza ya duka inazidi kuwa tupu: huyo muda wake ni mfupi mno, hata kama bado hajachelewa siku moja. Mtu anayekopa AVEC ili alipe shirika, ni vile vile. Na mtu anayelipa vizuri bila tabu lakini kitu alichokopea hakipo tena, kimeuzwa au kimekufa, huyo muda wake ulikuwa mrefu mno, na siku yoyote kitu kingine kikimpata atasimama.

Tulimwuliza mteja afanye nini akijiona katika hali ya kwanza. Alisema aende mapema, mwezi wa 2, siyo mwezi wa 5, akiwa na kaye yake na karatasi za pikipiki, na aombe deni lipangwe upya kwa miezi zaidi. Mteja ambaye hajachelewa bado anasikilizwa na kamati ya kredi. Aliyechelewa siku 30 tayari yuko kwenye orodha nyingine, na mkononi mwa afisa kuna faini tu. Kwa mama wa samaki, kulikuwa na ugumu zaidi: kwenda kuomba miezi ya pikipiki kungemlazimu kusema kwamba samaki aliyoandika haikuwa samaki. Aliogopa, akanyamaza, akauza meza kipande kwa kipande.

Jambo moja afisa hakulitaja, nami naliongeza. Verseman inaingia kwa franka, deni liko kwa dola. Franka ikishuka wakati motari analeta kiasi kile kile, dola 90 zinageuka 80 bila mtu yeyote kufanya kosa. Mwenye deni la miezi 18 anapaswa kukubaliana na motari wake tangu mwanzo namna verseman itakavyofuata bei ya dola, la sivyo ile nafasi ya dola 17 itamezwa kwenye meza ya kubadilisha pesa.

Kwa sasa mama amerudi kwenye samaki. Mtaji ameuanza upya kwa zile dola 572 na mkopo mdogo wa AVEC wa miezi 3, ambao ameshamaliza kulipa. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye ameandika juu «pikipiki», na chini yake kuna mstari kwa kila wiki. Tulipoonana alikuwa na dola 185. Ameshamwendea afisa, safari hii na fakture proforma mkononi, kuuliza kama akifika na dola 500 shirika litampa miezi 18. Afisa amemjibu kwamba kredi ya vifaa kwa kawaida ni miezi 12, na kwamba swali lake atalipeleka kwenye kamati.